Mzigo Uliododa Una Thamani Gani Vitabuni?

Duka la spea lililokaa sokoni miaka mingi huwa na rafu ambayo hakuna anayeigusa. Iko nyuma kabisa, karibu na dari, na boksi zake zimefifia rangi. Mwenye duka anajua kilichomo, maana alikinunua mwenyewe kwa fedha taslimu, akalipia meli, bandari na ushuru. Vijana wa duka nao wanajua kwamba mteja wa vitu vile haji tena. Ila vitabu vya hesabu havijui. Humo, kila boksi bado lina thamani ileile liliyokuwa nayo siku lilipoteremshwa kwenye lori.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana neno lao kwa mzigo wa namna hiyo: umedoda. Makala hii inahusu jambo moja ambalo mwenye mzigo uliododa anatakiwa kulifanya kabla hajafunga hesabu za mwaka, nalo ni kushusha thamani yake vitabuni. Wengi hulikwepa jambo hili, na wanaolifanya mara nyingi hulifanya kwa kubahatisha.

Kanuni yenyewe ni fupi. Inatoka katika kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IAS 2, ambacho Kenya imekuwa ikikitumia pamoja na viwango vingine vya kimataifa tangu 1999, na Tanzania tangu Julai 2004, NBAA ilipovipitisha. Inasema bidhaa zioneshwe kwa gharama zake au kwa fedha halisi zitakazopatikana zikiuzwa, kwa kuchukua iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Gharama ni bei ya kununulia, nauli ya mzigo, ushuru wa forodha na malipo ya kuutoa bandarini. Kodi ya duka na mshahara wa mlinzi wa stoo havimo. VAT ambayo utarudishiwa nayo haimo. Fedha halisi zitakazopatikana ni bei unayotarajia kuuzia katika biashara ya kawaida, ukitoa gharama za lazima za kuiuza bidhaa hiyo, kama usafiri wa kumfikishia mnunuzi au kamisheni ya dalali.

Zingatia maneno hayo ya mwisho. Bei peke yake haitoshi. Mtu akikuambia atanunua tairi kwa shilingi 70,000 ila umpelekee Chanika kwa gari lako, wewe hupati 70,000.

Tuchukue duka la mfano linalouza spea na tairi, na mwaka wake wa hesabu unaisha tarehe 31 Desemba 2024. Bidhaa zote zilizomo, kwa gharama, ni shilingi 84,600,000. Bei zote nitakazozitaja hazina VAT. Sehemu kubwa ya mzigo huo inatoka vizuri: fani belti, pedi za breki, chujio za oili. Hiyo haina shida, kwa hiyo tuiache. Mhasibu ameweka alama kwenye bidhaa tatu tu.

Ya kwanza ni kabureta. Zipo 40, kila moja ilinunuliwa kwa shilingi 85,000. Magari madogo yaliyotumika yanayoingia nchini sasa yana injini ambazo mafuta hupulizwa kwa sindano zinazoongozwa na kompyuta, na kabureta haina kazi ndani yake. Waliobaki kuitafuta ni wenye magari ya zamani. Ya pili ni tairi 24 za rimu namba 13, zilizonunuliwa kwa shilingi 95,000 moja. Ya tatu ni taa za mbele za modeli ambayo imeanza kupungua barabarani, jozi 15, kwa gharama ya shilingi 140,000 kila jozi.

Mhasibu alizijuaje hizo tatu miongoni mwa mamia ya bidhaa? Kwanza alichukua kadi za stoo na kutazama tarehe ya mwisho ambayo kila bidhaa ilitoka. Kisha akafanya hesabu ndogo ambayo mtu yeyote anaiweza: idadi iliyopo, gawanya kwa idadi iliyouzwa mwaka mzima. Kabureta zilizouzwa mwaka 2024 ni tatu. Arobaini gawanya kwa tatu ni zaidi ya kumi na tatu. Maana yake, kwa mwendo huo, kabureta ya mwisho itauzwa baada ya miaka 13, kama injini za kuivaa bado zitakuwepo.

Kwa tairi, alisoma ubavuni. Kila tairi ina herufi DOT zikifuatiwa na namba, na tarakimu nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Tairi hizi zina 1118, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2018. Zina zaidi ya miaka sita na hazijawahi kugusa lami, lakini mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na wateja wengi siku hizi wanajua kuzisoma namba hizo. Hapa kadi ya stoo ingeweza kumdanganya, kwa sababu tairi za saizi hiyo zilitoka kila mwezi. Zilizokuwa zikitoka ni zile mpya zilizowekwa mbele. Za 2018 zilibaki nyuma.

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe, tuanze na taa, maana ndizo zinazowakosesha wengi. Taa zinatoka polepole, jozi nne au tano kwa mwaka. Hata hivyo bei yake sokoni haijashuka. Jozi inauzwa shilingi 190,000, na kumpelekea fundi garini kunagharimu 10,000. Zinabaki 180,000, ambazo ni zaidi ya gharama ya 140,000. Kwa hiyo taa hazishushwi hata senti. Kutoka polepole ni dalili ya kukufanya uchunguze, na si hasara kwa kujitosheleza. Kinachopimwa ni fedha zitakazorudi.

Tairi zina hesabu nyepesi. Mnunuzi wa jumla amekubali kuzichukua zote kwa shilingi 70,000 kila moja, na usafiri utakuwa 5,000 kwa tairi. Zinabaki 65,000. Gharama ilikuwa 95,000, hivyo kila tairi imepoteza 30,000. Mara 24, ni shilingi 720,000.

Kabureta zinahitaji uamuzi. Mwenye duka anasema, na hasemi uongo, kwamba kila mwaka watu watatu humjia wakiitafuta kabureta kwa shida na kulipa shilingi 110,000 bila kubishana. Je, si bei hiyo ndiyo itumike? Itumike kwa zile zitakazopata wateja hao. Tukikisia miaka miwili ya wateja watatu watatu, kabureta sita zitauzwa kwa bei nzuri, na hizo zinabaki vitabuni kwa gharama yake ya 85,000. Zilizobaki 34 hazina mteja wa namna hiyo anayeonekana. Bei inayopatikana kwa kuziuza kwa mkupuo ni ile ya mafundi wanaonunua ili wabomoe na kuchukua sehemu za ndani, nayo ni shilingi 30,000, ukitoa kamisheni ya 3,000 kwa anayewaleta. Zinabaki 27,000. Kila moja imepoteza 58,000, na 34 zimepoteza shilingi 1,972,000.

Kuugawa mzigo mmoja katika mafungu mawili namna hii hakufanywi sana, na mimi naona ndiko kunakostahili kwa bidhaa inayotoka polepole. Ukizishusha zote 40, umezidisha hasara. Ukizibakiza zote kwa sababu tatu ziliuzwa vizuri, umejidanganya kuhusu 34.

Jumla ya kushusha ni 720,000 na 1,972,000, yaani shilingi 2,692,000. Bidhaa zitaonekana kwenye mizania kwa shilingi 81,908,000.

Hapo mwenye duka anaweza kuuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi: "Mwanangu, zile taa si zina faida ya elfu arobaini kila jozi? Mara kumi na tano ni laki sita. Kwa nini tusizitumie kufidia hasara ya tairi?" Hapana, mzee. Kila bidhaa hupimwa peke yake. Faida ya taa itahesabiwa siku taa zitakapouzwa, wakati hasara ya tairi tayari ipo. IAS 2 inaruhusu kuunganisha bidhaa zinazofanana sana, za aina moja na matumizi yaleyale, ambazo haiwezekani kuzitenganisha kwa urahisi. Hairuhusu kuuweka mzigo wote wa duka kwenye kapu moja ili kizuri kifiche kibaya.

Ipo pia njia ya mkato inayopendwa na makampuni mengi, ya kushusha kwa umri: bidhaa iliyokaa miezi sita ipunguzwe robo, ya mwaka mmoja nusu, ya zaidi ya hapo yote. Ni njia nzuri ya kuchuja orodha ndefu ili ujue pa kutazama. Kuifanya ndiyo jibu ni kosa. Kwa duka letu ingezishusha taa ambazo hazina hasara, na ingeziacha tairi za 2018 ikiwa umri unasomwa kwenye tarehe ya mwisho ya kuuza. Asilimia hizo zikitumika, lazima zitoke kwenye historia ya duka lenyewe: bidhaa zilizofikisha umri huo miaka iliyopita ziliuzwa kwa bei gani hatimaye?

Tuje kwenye kuandika. Duka hili lina leja ya bidhaa inayofuatwa siku kwa siku, kwa hiyo linafungua akaunti moja ya ziada, iitwe Punguzo la Thamani ya Bidhaa. Akaunti ya Bidhaa yenyewe haiguswi, na inaendelea kuonesha gharama ya awali. Punguzo linakaa pembeni yake na kuipunguza kwenye mizania. Faida ya kutenganisha ni kwamba idadi na gharama kwenye kadi za stoo zinaendelea kulingana na leja. Maandishi ya tarehe 31 Desemba 2024 ni haya:

Debiti: Gharama ya mauzo (hasara ya kushusha thamani) Sh 2,692,000
Krediti: Punguzo la Thamani ya Bidhaa Sh 2,692,000

Nyuma ya maandishi hayo kuwe na karatasi inayoonesha bidhaa kwa bidhaa: idadi, gharama, bei inayotarajiwa, gharama ya kuuza na tofauti. Bila karatasi hiyo, mwaka ujao hakuna atakayekumbuka punguzo ni la nini.

Machi 2025 tairi zote 24 zinauzwa, na bei inapatikana nzuri kidogo, shilingi 72,000. Fedha zinaingia 1,728,000 na kuandikwa kama mauzo yoyote. Upande wa pili ndio wenye mtego, kwa sababu gharama ya tairi hizo kwenye leja ni 2,280,000, lakini 720,000 kati yake tayari zilikwisha kuhesabiwa kuwa hasara mwaka jana. Kwa hiyo:

Debiti: Gharama ya mauzo Sh 1,560,000
Debiti: Punguzo la Thamani ya Bidhaa Sh 720,000
Krediti: Bidhaa Sh 2,280,000

Mauzo ya 1,728,000 ukitoa 1,560,000 yanaacha 168,000, na ukitoa usafiri wa 120,000 zinabaki 48,000. Hizo ni zile shilingi 2,000 za kila tairi zilizozidi matarajio. Jibu likitoka namna hiyo, ujue maandishi yako yamekaa sawa.

Kosa ninalolikuta zaidi ya yote ni kusahau mstari wa pili. Muuzaji anatoa tairi kwenye mfumo, mfumo unapeleka 2,280,000 zote kwenye gharama ya mauzo, na punguzo la 720,000 linabaki limening'inia likingojea tairi ambazo hazipo tena. Hasara moja imehesabiwa mara mbili. Utalitambua kosa hili kwa kulinganisha: kila shilingi iliyomo kwenye akaunti ya punguzo iwe na bidhaa yake stoo. Ukikuta punguzo lisilo na mwenyewe, kuna mauzo yaliyoandikwa nusu.

Kabureta zina historia yake mwaka 2025. Tatu zinauzwa kwa bei nzuri kama ilivyotarajiwa. Kati ya zile 34 zilizoshushwa, mbili zinauzwa kwa mafundi, na kila moja inaondoka na punguzo lake la 58,000. Nyingine mbili zinakutwa zimeota kutu kiasi cha kutofaa kwa lolote. Hizo zinafutwa kabisa, na hasara mpya ni ile sehemu tu ambayo haikuwa imeshushwa:

Debiti: Punguzo la Thamani ya Bidhaa Sh 116,000
Debiti: Gharama ya mauzo Sh 54,000
Krediti: Bidhaa Sh 170,000

Zinabaki 30 zenye punguzo la jumla ya 1,740,000. Mwisho wa mwaka mhasibu anapima tena, kwa sababu kupima si jambo la mara moja. Tuseme kabureta zimeadimika na mafundi sasa wanatoa shilingi 50,000. Ukitoa kamisheni ya 3,000 zinabaki 47,000, yaani 20,000 zaidi ya makadirio ya mwaka jana. IAS 2 inataka thamani irudishwe pale ambapo sababu ya kuishusha imeondoka au imepungua:

Debiti: Punguzo la Thamani ya Bidhaa Sh 600,000
Krediti: Gharama ya mauzo Sh 600,000

Kuna ukomo. Hata mafundi wakifika 200,000, kabureta haiwezi kupanda vitabuni kuzidi 85,000 iliyonunuliwa. Punguzo likifika sifuri, basi.

Maduka mengi hayana leja ya siku kwa siku. Yanahesabu stoo mwisho wa mwaka, kisha yanachukua bidhaa za mwanzo, yanajumlisha manunuzi na kutoa bidhaa zilizobaki ili kupata gharama ya mauzo. Kama duka lako ni la namna hiyo, huhitaji maandishi yote niliyoyaonesha. Ukiandika bidhaa zilizobaki kuwa 81,908,000 badala ya 84,600,000, hasara ya 2,692,000 imeshaingia yenyewe kwenye gharama ya mauzo. Ukiiandika tena pembeni, umeirudia. Orodha ya bidhaa kwa bidhaa bado unaihitaji ileile.

Kuhusu wakati, kanuni inasema hasara iandikwe katika kipindi ilipotokea, hata kama bidhaa haijauzwa. Yanayotokea baada ya kufunga mwaka huweza kukusaidia kujua hali ilikuwaje. Kama tairi za 2018 zingeuzwa Februari 2025 kwa shilingi 60,000, kabla hesabu hazijasainiwa, bei hiyo ni ushahidi wa thamani yake Desemba, kwa sababu uzee wake ulikuwepo Desemba. Lakini kama Februari hiyo maji ya mvua yangeingia stoo na kuharibu boksi za taa, hiyo ni hasara ya mwaka 2025. Tarehe 31 Desemba taa zilikuwa nzima.

Bidhaa yenye mkataba hupimwa kwa bei ya mkataba. Kama shule ya udereva ingekuwa imesaini kununua kabureta kumi kwa shilingi 90,000 kwa ajili ya magari yake ya zamani, hizo kumi zisingeshushwa, ila zilizozidi idadi hiyo zingepimwa kwa bei ya soko. Na kwa mwenye kiwanda: malighafi haishushwi kwa sababu tu bei yake sokoni imeanguka, iwapo bidhaa itakayotengenezwa nayo bado itauzwa kwa bei inayorudisha gharama zote. Fundi seremala mwenye mbao zilizoshuka bei, huku vitanda vyake vikiuzwa kama zamani, hana hasara ya kuandika.

Kuna upande wa kodi. Nchini Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka bidhaa za mwisho wa mwaka zithaminiwe kwa gharama au kwa bei ya soko, iliyo ndogo. Kampuni yenye faida ambayo haikuzishusha tairi na kabureta zile ingeonesha faida iliyozidi kwa 2,692,000, na kwa kiwango cha asilimia 30 ingelipa shilingi 807,600 za kodi juu ya faida ambayo haikuwepo. Lakini afisa wa TRA, kama alivyo mkaguzi wa hesabu, hatakubali neno la mdomo wala asilimia ya kukisia. Atataka kuona kadi za stoo, risiti za mauzo ya karibuni, barua ya mnunuzi inayotaja bei, picha ya ile namba ya ubavuni. Na ukiamua kuteketeza mzigo, waarifu TRA mapema kabla hujawasha moto, ili uteketezaji uwe na shahidi. Kwa dawa zilizokwisha muda, huwezi kuteketeza kwa hiari yako kabisa. Zinahitaji idhini na usimamizi wa TMDA.

Ninajua kinachowazuia wenye maduka. Wengi wana mkopo benki, na bidhaa za stoo ni sehemu ya dhamana. Kushusha thamani kunaonekana kama kujishtaki mbele ya afisa mikopo. Mshirika naye anangoja gawio lake. Lakini gawio linalotolewa juu ya kabureta za 85,000 zisizouzika kwa bei hiyo halitoki kwenye faida. Linatoka kwenye mtaji, na duka linakosa fedha ya kuagizia pedi za breki zinazotoka kila siku.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye duka, ukianza kuhesabu stoo mwisho wa mwaka huu, anza na ile rafu ya nyuma. Beba kadi za stoo, soma tarehe ya mwisho ya kila bidhaa kutoka, mpigie simu mnunuzi mmoja umuulize bei ya leo, na uiandike bei hiyo kwenye karatasi kabla hujashuka kwenye ngazi.